Tathmini bila kutafuta mchawi

"Mradi wetu umefeli, bosi anataka kikao 'bila kumlaumu mtu'. Si kumkingia kifua aliyeharibu hiyo?"

Hapana. Tazama chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilichopotea Septemba 1999. Programu ya mkandarasi ilitoa msukumo wa injini ndogo kwa vipimo vya pauni, waongozaji wakausoma kama nyutoni. Tofauti ni karibu mara 4.45. Chombo kilipita takriban kilomita 57 juu ya Mirihi badala ya 226 hivi.

Ungemfukuza mwandishi wa programu, ungekosa mengine yote. Kwa miezi ya mwanzo faili hazikusomeka kwa sababu ya muundo mbovu, kwa hiyo data ikapitia baruapepe. Waongozaji waliona mahesabu hayakai sawa, lakini wasiwasi wao haukufika kwenye njia rasmi. Hapo ndipo kikao kichimbe: nani aliona, akamwambia nani, ikaishia wapi? Maana anayeogopa barua ya onyo hatataja alichokiona.

*Kaka, sisi tulifanya hivyo, tukaishia chai na maandazi. Nidhamu nayo?*

Nidhamu ina kikao chake, tofauti. Chai na maandazi ni dalili kwamba hakuna kazi iliyopewa mwenyewe na tarehe.

*Na kama mtu ni mzembe kila mradi?*

Hilo gumu, dada. Kwanza ningeuliza kwa nini kazi yake haikaguliwi na mtu wa pili.