Mwenzako Kazini Akikupiga, Usikubali Waandike "Walipigana"

Dada mmoja ameniandikia juzi. Mwenzake kazini kamsukuma hadi akagonga kabati, na meneja anamwambia wayamalize wenyewe. Nimesoma nikahisi shavu langu linawaka upya, kwa sababu na mimi niliambiwa hivyohivyo.

Mimi na mwenzangu wa kazini tulikuwa ghalani tunabishana kuhusu mzigo uliopotea. Akanivuta mkono, akanipiga ngumi ya shavu la kushoto. Sikumrudishia, na hilo najivunia hadi leo. Nilitoka nikaenda walipokuwa wengine, nikampigia simu msimamizi, kisha nikaenda hospitali siku hiyohiyo. Nawe nenda, hata kama huoni alama. Ukiwa umepigwa kichwani na ukaanza kutapika, kusinzia ovyo au kichwa kuzidi kuuma, au ukiwa umekabwa shingo, hiyo ni dharura, ripoti itasubiri.

Kwa daktari watu wengi huona aibu, wanasema "nimeanguka." Usifanye hivyo. Maneno hayo yataandikwa kwenye faili na yatakusuta baadaye. Mimi nilisema nimepigwa ngumi na mfanyakazi mwenzangu, saa ngapi, upande gani. Nikaomba aandike kila jeraha lilipo, ukubwa wake kwa sentimita na rangi yake, pamoja na maumivu yasiyoonekana. Rangi ya jeraha peke yake haimwambii mtu kwa uhakika ulipigwa lini, ndiyo maana tarehe iliyo kwenye faili ina uzito.

Mkono wangu siku ile haukuwa na kitu. Kesho yake ukatoka weusi wa vidole vinne! Nikarudi hospitali wakaongeza kwenye faili, nikapiga picha na rula pembeni, moja ya karibu na moja inayoonyesha uso wangu pia.

Sasa ripoti. Nililetewa karatasi imeshaandikwa: "wafanyakazi wawili walipigana." Nisaini. Nani kapigana? Nilikataa, nikaandika yangu usiku uleule: saa, mahali, alichosema neno kwa neno, alinipiga kwa mkono upi na wapi, nani alikuwepo. Sikuandika "alinishambulia kikatili" wala kwamba alikuwa amelewa, maana sikujua. Nilipoisoma pamoja na karatasi ya daktari, upande na saa vililingana, na hapo ndipo utetezi wake kwamba tulirushiana ngumi ulipoishiwa nguvu. Nilituma kwa barua pepe ili tarehe ibaki, nikajibakishia nakala.

Jamani, acheni kuogopa kuonekana wakorofi! Kuna wanaonikwepa hadi leo kwa sababu nilikataa kusaini. Wanikwepe.

Na wewe dada, kamera za ofisi nyingi hujifuta zenyewe baada ya muda. Leo hii, kabla ya kikao chao cha suluhu, andika barua pepe ukitaja saa na mahali uliposukumwa, uombe picha za kamera ya hapo zihifadhiwe.