Saini mbili za barua pepe, na ule mstari unaojiandika kwenye simu

Barua ya kwanza kwa mtu asiyekufahamu inastahili saini kamili: jina, cheo, ofisi, namba ya simu. Akishakujibu, hana haja ya kusomeshwa anwani ya ofisi yako kila mkiandikiana. Jibu la "Nimeipokea, asante" likifuatwa na mistari saba na nembo, anayelisoma kwenye simu anaona saini tupu, neno lenyewe ni la kutafuta.

Kazi yangu ni ya kuandikiana na watu kutwa, na mazungumzo mengi huvuka majibu kumi. Hapo kinachoudhi kuliko yote ni nembo. Picha ya kwenye saini mara nyingi husafiri ndani ya barua yenyewe, na baadhi ya programu huionyesha kama kiambatisho chenye jina la aina ya image001.png. Unatafuta mkataba uliotumwa wiki iliyopita, unakuta safu ya vinembo, mkataba umejibanza katikati yake. Kwa hiyo saini yangu ya majibu haina picha kabisa. Ina jina na namba ya simu, basi.

Kwenye Gmail, saini mbili hutengenezwa kwa kompyuta. Bonyeza alama ya gia, chagua See all settings, kisha kwenye General shuka hadi Signature. Bonyeza Create new, uipe jina "Kamili", uiandike. Rudia tena, hii uiite "Fupi". Majina hayo unayaona wewe tu, hayaendi kwa mtu. Chini yake kuna Signature defaults yenye nafasi mbili: FOR NEW EMAILS USE, hapo weka Kamili, ON REPLY/FORWARD USE, hapo weka Fupi. Kama una anwani zaidi ya moja kwenye akaunti hiyo, chagua kwanza anwani husika, kwa sababu kila moja ina mpangilio wake.

Usiondoke bado. Hapo hapo kuna kisanduku kinachoanza na maneno Insert signature before quoted text in replies, na wengi hukipita bila kukisoma. Usipokitia tiki, saini ya jibu hukaa chini kabisa, baada ya maneno yote ya barua unayoijibu. Unapoandika huioni, kwa kuwa imefichwa nyuma ya vile vidoto vitatu. Unadhani haikuingia, unaandika jina lako kwa mkono, na barua inaondoka na saini mbili. Ukikitia tiki, saini inakaa chini ya maneno yako, juu ya ya mwenzako, na vile vistari viwili vinavyoitangulia vinaondoka. Mwisho shuka hadi Save Changes. Ukifunga ukurasa bila kubonyeza hapo, kazi yote imepotea.

Outlook ya wavuti nayo, kwenye mipangilio ya Signatures, ina nafasi mbili za namna hiyo: moja ya barua mpya, moja ya kujibu na kusambaza.

Sasa simu. Programu ya Mail ya iPhone huweka Sent from my iPhone, Samsung Email huweka Sent from my Galaxy. Wapo wanaouacha mstari huo makusudi ili wasamehewe makosa ya kuandika. Mimi nauona haumsaidii msomaji: unamwambia ulishika kifaa gani, haumwambii wewe ni nani. Kwenye iPhone fungua Settings, Apps, Mail, kisha Signature. Kwenye matoleo ya zamani Mail iko moja kwa moja ndani ya Settings. Futa maneno hayo. Kama una akaunti ya kazi na ya binafsi, chagua Per Account, la sivyo cheo chako cha kazini kitawafikia na ndugu zako.

Mail ya iPhone haitenganishi barua mpya na jibu. Saini ni moja kwa yote. Ushauri wangu ni kuweka ile fupi, kwani kwenye simu tunajibu zaidi kuliko tunavyoanzisha. Siku ukianzisha barua rasmi ukiwa njiani, ongeza cheo kwa mkono. Kwenye Gmail ya Android, gusa mistari mitatu, Settings, anwani yako, halafu Mobile signature, uweke hiyo hiyo fupi.

Rasimu zilizoanzwa kabla hujabadilisha hubaki na mstari wa zamani, kwa hiyo zipitie kabla ya kuzituma. Kisha jaribu: jiandikie kutoka anwani nyingine, jibu mara moja kwa kompyuta na mara moja kwa simu, halafu yafungue majibu hayo kule yalikofika, uguse vidoto vitatu uone kilichokaa chini.