"Huyu kijana ni wa nani?" Maswali yenu ya mimu na wazee wa nyumbani

Leo nimekusanya maswali yote yanayohusu ile picha moja tu, ya jamaa anatembea na mpenzi wake huku kageuza shingo kumwangalia dada aliyepita, ile ambayo kila mmoja wa hao watatu hubandikwa maandishi ya utani. Ndiyo mnayoniulizia kuliko zote, na karibu kila swali linamlaumu mzee wakati anayeeleza vibaya ni nyie wenyewe.

Nilimwonyesha mama ile picha ya jamaa kageuka, akaniuliza "huyu kijana ni wa nani?" Nikaishiwa maneno.

Mama yako kauliza swali la maana kuliko unavyodhani. Kwake yeye picha ni ya mtu fulani, ni harusi ya nani, ni mtoto wa nani, sasa wewe unamletea watu watatu ambao hakuna haja ya kuwajua halafu unasubiri acheke. Mwambie hivyo hivyo kwanza: mama, hawa si wa mtu, chukulia ni viti vitatu. Cha katikati anakikalia mwenye tamaa, cha kulia kinakaliwa na kile alichonacho tayari, cha kushoto kinakaliwa na kile kilichomvuta macho. Viti havihami, wakaaji ndio wanabadilishwa kila siku na kila mtu anavyotaka. Hiyo ndiyo templeti, na hapo usiongeze neno.

Afu mkumbushe kwamba hii kazi anaijua tangu utotoni. Ukimwambia fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, kwani anauliza fahali ni wa nani? Haulizi. Papo hapo anaweka majirani wawili wanaogombana kwenye nafasi ya fahali na watoto wao kwenye nafasi ya nyasi, hana hata haja ya kufikiri. Methali ni templeti isiyo na picha. Wazee wetu wanacheza huu mchezo kabla ya simu kuwepo, ila mkianza na "mama hii ni ya mtandaoni, huwezi kuelewa" mnamfungia mlango ambao funguo zake anazo yeye.

Maandishi yapo matatu na hamna kitenzi hata kimoja. Baba anayasoma yote halafu ananitazama mimi.

Kitenzi kipo, kiko kwenye shingo ya jamaa.

Hapa ndipo wengi mnakwama kwa hiyo twende taratibu. Tuseme jamaa ameandikwa "mimi", mpenzi wake ameandikwa "kitabu nilichoanza juzi", na dada anayepita ameandikwa "kitabu kipya". Baba yako amefundishwa kusoma kuanzia kushoto kwenda kulia, kwa hiyo anapata: kitabu kipya, mimi, kitabu nilichoanza juzi. Hiyo si sentensi, ni orodha ya vitu, na ana haki ya kukutazama. Tena huyo dada wa kushoto ndiye yuko karibu na kamera, kavaa nyekundu, jicho linaangukia kwake kwanza hata kama yeye mwenyewe ametokea ukungu ukungu.

Ninavyofanya mimi, namtafutia mzee picha tupu isiyo na maandishi, ipo kila mahali, halafu namwomba anisimulie kinachoendelea. Hakuna mzee anayeshindwa hapo. Ataanza na jamaa, atakuonyesha midomo ilivyokunjwa kama anataka kupiga mluzi, atakuonyesha binti wa watu alivyoachama kwa mshangao, na pengine atatoa na hukumu. Muache amalize. Sentensi yake itakuwa kama hivi: "Huyu ana wake, ila anamtamani yule." Sasa ndiyo lete yenye maandishi na umwambie aseme sentensi ileile ila abadilishe majina tu: mimi nina kitabu nilichoanza juzi, ila nakitamani kipya. Ukiona kanyamaza sekunde mbili halafu akatabasamu kwa pembeni, imeingia. Akisema tu "aah, sawa, nimeelewa", haijaingia, hiyo ni heshima ya kukuondoa.

Mimu ni nini hasa?

Hili nalijibu kwa mara ya nne, someni safu za nyuma jamani. Ni utani unaonakiliwa na kubadilishwa kidogo na kila anayeupokea, kwenye skrini mnaona imeandikwa meme, neno alilitunga mwanabiolojia Richard Dawkins mwaka 1976 na wala hakuwa anaongelea picha za kuchekesha.

Shangazi amejifunza akatengeneza yake: jamaa kaandika "mume", binti "mke", anayepita "mwanamke mwingine". Katuma kwa ukoo mzima, kimya. Anadhani wamemkasirikia.

Hawajakasirika, hamna cha kucheka tu. Shangazi ameandika kile ambacho picha inakisema yenyewe, ni kama mtu akwambie fahali ni fahali na nyasi ni nyasi. Utani wa hii templeti uko kwenye umbali kati ya picha na lebo: picha inaonyesha usaliti mzito wa mapenzi, lebo zinataja kitu kidogo cha kijinga ambacho wote tunakifanya. Umbali ukiisha, kicheko kimeisha.

Mwambie abakize watu walewale ila atoke kwenye mapenzi. Muulize kwanza ni kitu gani anakiacha kila siku na anajijua anakiacha. Shangazi yangu mimi alisema usingizi. Basi jamaa akaandikwa "mimi saa sita usiku", mpenzi akaandikwa "kitanda", anayepita akaandikwa "tamthilia, sehemu moja tu ya mwisho". Angalia hapo, neno "tu" ndilo linalochekesha, kwa sababu kila mtu anajua hiyo sehemu si ya mwisho. Na lebo ziwe fupi, neno moja hadi matano sita. Ukiona lebo imefika mstari wa pili na inafunika uso wa mtu, ujue hiyo ni barua.

Kosa lingine, nisije nikasahau, ni kugeuza viti. Kitu kinachotakiwa kuwa na haki lazima kikae kwa binti wa kulia. Ukiweka "kitanda" kushoto na "tamthilia" kulia umesema una tamthilia ila unatamani kulala, na hiyo ni habari ya mtu mwingine kabisa, inaweza kuwa ya kweli lakini siyo uliyokusudia.

Hao watu ni wapenzi kweli? Bibi anataka kujua kama waliachana.

Hapana, mwambie bibi alale salama, ni wanamitindo wako kazini. Picha ilipigwa na Mhispania Antonio Guillem mwaka 2015 katika mji wa Girona, ikawekwa kwenye mtandao wa picha za kuuza kama maelfu ya picha nyingine. Ilikuja kulipuka Agosti 2017.

Templeti nimemweleza mjomba, lebo nimemweleza, kila kitu. Bado haelewi. Nikubali tu kwamba umri umeenda?

Umri wa nani? Hebu nikupe mtihani. Mapema 2017, kabla picha haijajulikana dunia nzima, kundi moja la Kituruki la Facebook la wapenzi wa muziki waliitumia hivi: jamaa ni Phil Collins, anayepita ni pop, mpenzi anayeachwa ni prog, yaani rock ile ya nyimbo ndefu zenye mizunguko. Haya, cheka.

Hujacheka. Templeti unaijua, lebo umezisoma zote tatu, nani katamani nini umeelewa, na bado hujacheka, kwa sababu hujui kwamba Collins alikuwa mpiga ngoma wa Genesis, bendi kubwa ya prog, akaja kuwa mwimbaji wao, na miaka ya 1980 yeye na bendi wakahamia kwenye pop na kuvuma huko, huku mashabiki wa zamani wakibaki wameachama kama yule binti. Mjomba wako, kama alikuwa anasikiliza redio miaka hiyo, anaweza kucheka hii kabla yako. Kwa hiyo nani ambaye umri umemtupa?

Kinachokosekana kwa mjomba ni habari iliyo nyuma ya lebo, akili anayo. Kabla hujamwonyesha, jiulize kila lebo inamtaka ajue nini. Akiwa anazijua zote, onyesha. Akikosa moja, mpe hiyo habari mapema, kama stori ya kawaida, hata siku moja kabla, halafu picha ije baadaye. Ukimpa habari baada ya picha unakuwa unachambua utani, na utani uliochambuliwa hauchekeshi hata walioutunga. Ikiwa habari yenyewe inataka dakika kumi za maelezo, mimu hiyo siyo yake, achana nayo, mtafutie nyingine. Msiwalazimishe wazee kucheka mizaha ya watu wanaocheza gemu usiku kucha.

Baba anasema ameelewa ila haichekeshi.

Inawezekana yuko sahihi.

Babu ana kikundi chake anataka kutumia hiyo picha kuita wanachama wapya: jamaa ni "wewe", anayepita ni kikundi chake, mpenzi ni kikundi cha wapinzani. Nimsaidie?

Msaidie kutafuta picha nyingine. Kampuni moja ya intaneti ya Sweden ilifanya karibu hivyohivyo mwaka 2018, tangazo la kazi, anayepita akawa kampuni yenyewe na mpenzi akawa ajira uliyonayo sasa. Watu wakalalamika na Septemba mwaka huohuo chombo kinachosimamia maadili ya matangazo nchini humo kikasema tangazo linawadhalilisha wanawake, limewafanya vitu vya kubadilishana. Kutaniana nyumbani ni kitu kimoja, ukishaanza kuita watu waje kwako mambo yanabadilika, na hiyo picha ina mwenyewe, anaiuza kwa leseni. Halafu mwambie babu kwamba kwenye hiyo picha anayepita ndiye kishawishi. Anataka kikundi chake kiwe kishawishi?

Na nyie mnaochukua picha za wazee wenu wakiwa wamesinzia mkazifanya templeti, nawaona. Wale wa Girona walilipwa.

Mama mkwe kanitumia hiyo picha. Jamaa ameandikwa jina langu, anayepita ameandikwa "simu", na binti ameandikwa "mama mkwe anaongea". Hakuweka neno lingine. Ni tusi au?

Viti viko sawa, lebo ni fupi, habari ya nyuma mnaijua wote wawili. Mama mkwe amefaulu. Weka simu chini umsikilize.