Nusu pembe, na sifuri iliyonigharimu alama

Ukitafuta intigrali na ukaona sini au kosini imekaa kwenye asili ya sehemu, kama 1/(2 + cos x), na hujui pa kuanzia, weka t = tan(x/2). Sini na kosini zote zinaondoka, unabaki na sehemu ya t tupu:

sin x = 2t/(1 + t²)
cos x = (1 − t²)/(1 + t²)
dx = 2 dt/(1 + t²)

Mimi sizikariri. Nachora pembetatu mraba yenye pembe x/2: upande ulioikabili pembe ni t, wa jirani ni 1, ule mrefu ni √(1 + t²). Kutoka hapo sin x ni 2 sin(x/2) cos(x/2), na fomula inajitokeza yenyewe. Wanaoanza husahau zaidi ule mstari wa tatu: wanabadilisha kosini, wanaiacha dx ilivyo.

Tufanye huo mfano. 2 + cos x inakuwa (3 + t²)/(1 + t²). Ukiigeuza juu chini na kuzidisha kwa dx, 1 + t² ya juu inafutana na ya chini, inabaki 2 dt/(3 + t²). Jibu lake ni (2/√3) arctan(t/√3). Hapa kama 1 + t² haifutiki, rudi uangalie dx yako.

Sasa mtego. Nikiwa mwaka wa kwanza niliulizwa intigrali hiyohiyo kutoka 0 hadi 2π. Nikabadilisha mipaka: tan 0 ni 0, tan π ni 0. Nikaandika jibu 0, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Laiti ningeitazama sehemu yenyewe kabla ya kukusanya karatasi! 2 + cos x iko kati ya 1 na 3, kwa hiyo 1/(2 + cos x) haishuki chini ya 1/3, na eneo lake lazima lizidi 2π/3, yaani kama 2.09. Sifuri haiwezekani kabisa.

Kosa ni kwamba x ikifika π, tan(x/2) inapaa hadi ukomo wa juu, halafu inaibukia ukomo wa chini. t haikwenda kutoka 0 hadi 0; imezunguka mstari wote wa namba. Kwa kuwa kosini hujirudia kila 2π, chukua mipaka −π hadi π badala yake. t inatoka −∞ hadi ∞ bila kukatika, arctan inachangia π nzima, na jibu ni 2π/√3, karibu 3.63.

Lakini usiitumie kila mahali. Kwa cos x/(1 + sin² x), u = sin x inamaliza kazi kwa mstari mmoja. Na kama kuna sin² x na cos² x peke yake, weka t = tan x, pembe nzima; ukilazimisha nusu utajikuta na t⁴ kwenye asili na ukurasa mzima wa kutenganisha sehemu.