Saa ya Hamburg, saa ya Mombasa: maswali yenu kuhusu mikutano ya video

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Likoni. Mshirika wetu wa Hamburg ametuandikia kwa Kiingereza kuwa tutakutana kwa Zoom tarehe 16 Juni, 3:00 PM CET. Nikiwatafsiria wenzangu, niandike saa ngapi?

Dada katibu, usitafsiri kwanza. Hizo herufi CET ni saa ya Ulaya ya kati wakati wa baridi, ambayo imetangulia GMT kwa saa moja. Sisi tumeitangulia GMT kwa saa tatu mwaka mzima. Ukizifuata herufi, mkutano ni saa 11 jioni kwetu. Lakini mwezi wa Juni Hamburg huwa katika saa ya kiangazi, CEST, na tofauti yetu nao ni saa moja tu. Ukifuata saa iliyo ukutani kwake siku hiyo, mkutano ni saa 10 jioni.

Wazungu wengi huandika CET mwaka mzima kwa mazoea, kwa hiyo nadhani anakusudia saa 10. Hata hivyo, kudhani hakutoshi pale ambapo akina mama wataacha biashara zao ili wahudhurie. Mwulize kwa kutaja miji na tarakimu za saa 24: je, ni 15:00 Hamburg, yaani 16:00 Mombasa? Akijibu ndiyo, andika mwaliko hivi:

> Kwa akina mama wote wa kikundi, assalaam aleikum na habari za leo.
>
> Mnakaribishwa kwenye mkutano wa video na mshirika wetu wa Hamburg, Jumanne tarehe 16 Juni 2026, kuanzia saa 10 hadi saa 11 jioni, saa ya Kenya (kwenye simu itasoma 16:00 hadi 17:00). Linki itafunguliwa saa 10 kasorobo ili tusalimiane na kujaribu sauti. Atakayepata udhuru anaombwa amjulishe katibu kabla ya Jumatatu jioni. Karibuni sana.

Mabano yale yaache yalivyo. Makosa mengi hutokea mtu anapochukua ile 4 ya simu na kuandika "saa 4" kwenye kikundi cha WhatsApp. Mmoja atafungua linki asubuhi akute hakuna mtu, mwingine atasubiri saa 4 usiku. Mwaliko wa kalenda wenyewe hujigeuza kufuata saa ya simu ya kila mtu. Kinachopotosha ni maandishi tunayoyaongeza sisi, ndiyo maana neno jioni, asubuhi au usiku lisikosekane kamwe.

Tuna mkutano wa kila Jumanne saa 10 jioni na wenzetu wa Hamburg na New York. Mwaka jana, mwishoni mwa Oktoba, uliruka ukawa saa 11 na hakuna aliyeugusa. Mbona?

Kwa sababu aliyeutengeneza yuko Hamburg, na mkutano umefungwa kwenye saa yake. Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, nasi Kenya hatubadilishi kitu. Tazama itakavyokuwa mwaka 2026. Hadi Oktoba 24 mnakutana saa 10 jioni Mombasa, ambayo ni 15:00 Hamburg na 09:00 New York. Oktoba 25 Hamburg wanarudisha saa. Jumanne ya tarehe 27 kwao bado ni 15:00, lakini kwenu ni saa 11 jioni, na New York, ambao hawajabadilisha, wataona 10:00. Novemba 1 Marekani nao wanarudisha, na kuanzia Jumanne inayofuata New York ni 09:00 tena. Ninyi mnabaki saa 11 hadi Machi.

Machi mambo hugeuka: Marekani hutangulia, Jumapili ya pili, na Ulaya hufuata Jumapili ya mwisho. Hapo katikati ndipo watu wa New York hujikuta wamechelewa au wamewahi.

Amueni saa ya nani isiguswe. Kama wengi wenu mko Mombasa na saa 11 inawakuta kwenye foleni ya feri, mwombeni mwenye mkutano afungue tukio hilo kwenye Google Calendar, abonyeze `Time zone`, achague saa ya Nairobi. Mombasa msiitafute, Kenya nzima iko chini ya Nairobi. Kuanzia hapo kwenu itakuwa saa 10 daima, ila Hamburg itashuka hadi 14:00 wakati wa baridi na New York hadi 08:00. Waambieni mapema, kwa kuwa mzigo wa kubadilika sasa utakuwa wao.

Mwenzetu wa London amepanga kikao Ijumaa saa 7 mchana kwetu. Mwenyekiti wetu ni mzee wa heshima, yuko Muscat. Nimwandikie vipi tusogeze bila kumvunjia adabu?

Ijumaa saa 7 mchana wengi hapa wako msikitini au njiani, na Oman Ijumaa ni siku ya mapumziko. Sababu unayo, itaje kwa sentensi moja na usiirefushe, maana maelezo mengi husikika kama malalamiko. Kisha mpe nafasi mbili za kuchagua, saa yake ikitangulia yako. Muscat wametutangulia kwa saa moja mwaka mzima.

> Assalaam aleikum Mzee, shikamoo. Natumai u mzima wa afya pamoja na jamaa. Niwie radhi kwa kukusumbua kuhusu kikao cha Ijumaa. Saa iliyopangwa imeangukia wakati wa sala, na kwenu ni siku ya mapumziko. Kwa idhini yako, tungeomba kukisogeza: ama Alhamisi saa 9 alasiri kwa saa ya Muscat, ambayo ni saa 8 mchana Mombasa, ama Jumatatu saa hiyo hiyo. Utakaloona linakufaa nasi tutalifuata. Nitashukuru nikipata jibu kabla ya Jumatano asubuhi.

Hakikisha na wa London kwanza kwamba siku zote mbili zinamfaa. Kumwomba mzee achague, kisha kumrudia kuwa alichochagua hakiwezekani, ndiko kumvunjia adabu. Akishajibu, hariri mwaliko uleule wa kalenda. Ukitengeneza mpya na ule wa zamani ukabaki, utakuwa na linki mbili na watu wawili wakisubiriana.

Ukichelewa ukalazimika kuahirisha siku yenyewe, usitume maandishi peke yake kwa mtu wa umri huo. Mpigie, useme "nakuomba radhi, nimepata dharura", ndipo umwandikie saa mpya.

Kaka yetu yuko Toronto, anataka kikao cha familia Alhamisi saa 12 jioni kwao, mwezi wa Julai. Mama anasema ni Alhamisi usiku, mimi nasema Ijumaa. Nani yuko sawa?

Wewe. Julai Toronto wako nyuma yetu kwa saa saba, kwa hiyo itakuwa saa 7 usiku huku, na tarehe imeshageuka. Andika "saa 7 usiku wa kuamkia Ijumaa", kisha uweke tarehe ya Ijumaa. Usiandike "usiku wa Ijumaa" peke yake, kwani kwa wazee wetu wanaohesabu siku tangu magharibi, huo huanza Alhamisi jua likizama, na kwa vijana ni Ijumaa baada ya isha.

Ila saa 7 usiku si saa ya kumkalisha mama mbele ya simu. Mwombe kaka aanze saa 7 mchana kwao, akiwa kwenye mapumziko ya kazi. Huku itakuwa saa 2 usiku, Alhamisi ileile.