Proposali ya masta kuhusu vyura kupungua, kwa wenye bajeti ya kuungaunga

Kila mwaka ikifika misimu ya kuomba masta huwa naletewa proposali za kusoma, na zile za vyura karibu zote zina kichwa kinachofanana, "tathmini ya kupungua kwa amfibia kwenye ardhioevu ya" sehemu fulani. Mimi kazi yangu ya masta niliifanya bonde la Kilombero, upande wa Ifakara, kwa hela ndogo sana, kwa hiyo haya nayoandika ni ya mtu aliyekaa kwenye yale majaruba usiku na mbu wake.

Ukisema "kupungua" maana yake una namba ya zamani na namba ya sasa, na msimu mmoja wa mvua unakupa ya sasa tu. Ukienda makumbusho au kwenye data za GBIF, ile hazina ya mtandaoni ya rekodi za viumbe duniani, utakuta rekodi kwamba chura fulani aliokotwa sehemu fulani mwaka fulani, lakini hazisemi walikuwa wangapi wala ni wapi watu walitafuta wakakosa. Mfano kwenye korongo la mto Kihansi, ambao maji yake yanaingia huku huku Kilombero, watu walijua kwamba vyura wa pale wameporomoka kwa sababu walikuwa wanahesabiwa mara kwa mara: katikati ya 2003 walikuwepo maelfu, mwanzoni mwa 2004 walioonekana ni wa kuhesabu kwa vidole. Bila ile hesabu ya mwanzo lile anguko lingebaki kuwa stori tu. Kwa hiyo kwenye proposali andika kwamba unaweka msingi wa kufuatilia, halafu linganisha aina mbili za makazi sasa hivi, mfano majaruba ya mpunga na mabwawa ya asili yenye matete. Hilo swali linajibika ndani ya msimu mmoja na paneli itakuelewa.

Vyura wenyewe unawatafuta kwa kusikiliza milio yao usiku. Sasa swali ambalo lazima utaulizwa ni hili: ukienda sehemu usisikie chura, umejuaje hayupo? Labda alikuwepo ila upepo ulikuwa mwingi, au siku tatu hakuna mvua kanyamaza. Dawa yake ni kurudi sehemu ile ile mara kadhaa. Chukua chura ambaye ukienda usiku mmoja una nafasi ya 0.4 ya kumsikia akiwepo. Ukienda mara moja, nafasi ya kumkosa ni 0.6, yaani kubwa kuliko ya kumpata. Mara tatu ni 0.6 × 0.6 × 0.6, unapata karibu 0.22, mara nne inashuka mpaka 0.13. Ndo maana mimi husema mara nne, na ukiweka hiyo hesabu ya mistari miwili kwenye proposali inafanya kazi kuliko kurasa tano za utangulizi.

Lakini ziara zote nne zifanyike ndani ya wiki kama sita hivi, kwa sababu hesabu za namna hii zinachukulia kwamba chura kama yupo sehemu basi yupo kipindi chote hicho, ukitandaza kuanzia Desemba mpaka Mei unachanganya wanaoita mvua za kwanza tu na wanaoita msimu mzima. Pia usiahidi spishi zote. Chagua tatu au nne ambazo sauti zake huwezi kuzichanganya, kwa mfano Kassina senegalensis ambaye mlio wake ni kama tone kubwa linalodondokea ndani ya mtungi, ukishamsikia basi humsahau. Wale wadogo wa matete, Hyperolius, wanafanana sauti na hata rangi, rekodi kwa simu kila ukisita. Na sema wazi kwamba Xenopus hutompata kwa njia hii, yule anaitia chini ya maji, anataka mitego.

Tuje kwenye hela. Tuseme vituo 24, yaani 12 majaruba na 12 mabwawa ya asili, vikiachana angalau mita 500 ili usisikie chura yule yule mara mbili. Vichague kwenye picha za setilaiti kwa nasibu, usifuate barabara, maana pembeni ya barabara kuna makelele na mitaro na siyo picha ya bonde. Ziara nne kila kituo ni 96, ukipiga vituo vinne kwa usiku ni usiku 24. Unaanza saa moja jioni jua likishazama vizuri, mnafika mnakaa kimya dakika mbili, mnasikiliza dakika tano, mnapima joto, mnaandika, mnahama. Badilisha mpangilio kila mzunguko, kituo cha kwanza leo kiwe cha mwisho zamu ijayo.

Bodaboda wa kukusubiri 25,000 kwa usiku ni 600,000. Msaidizi 20,000 ni 480,000. Chumba miezi miwili 160,000, chakula siku 50 kwa 10,000 ni 500,000. Tochi za kichwa, betri, gambuti, kipimajoto na madaftari 250,000, nauli za basi 120,000. Jumla 2,110,000, ongeza asilimia kumi ya dharura inakuwa 2,321,000. Hizi bei ni za mfano, ulizia mwenyewe kabla hujaandika. Angalia kwamba zaidi ya nusu inaliwa na usafiri na watu, vifaa ni kidogo sana, kwa hiyo ukikatwa bajeti usipunguze ziara, punguza vituo.

Ukifika kuchambua, programu ya takwimu ya R ni bure:

```
library(unmarked)
d <- unmarkedFrameOccu(y = y, siteCovs = kituo, obsCovs = hali)
occu(~ joto + mvua ~ makazi, data = d)
```

Ile ~ ya kwanza ni ya uwezekano wa kumsikia, ya pili ndo ya kuwepo kwake, watu wanazigeuza halafu wanashangaa majibu. Na kwa vituo 12 kila upande utaona tofauti kubwa tu, mfano yupo vituo kumi vya asili na vinne vya majaruba. Ikiwa kumi kwa nane hutosema kitu, liandike hilo mapema wewe mwenyewe kabla hujaulizwa.

Kuna ile kuvu ya ngozi inayoua vyura, ambayo tope la gambuti linaweza kuihamisha. Kupima sampuli maabara ni ghali, liache, ila kusafisha liweke: jiki yenye asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu mbili na nusu, unapata asilimia 1. Toa tope kwanza kwa brashi, lowesha dakika kadhaa, suuza mbali na maji, kila unapohama bwawa.

Barua ya chuo ipitie wilayani mpaka kata, na ulizia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, mapema kuhusu kibali. Halafu mwenyekiti wa kijiji muone mwenyewe, kwa sababu watu wawili na tochi kwenye mpunga wa mtu saa tatu usiku ni wezi mpaka ithibitike vinginevyo. Msaidizi awe wa kijiji hicho hicho, yeye ndiye anayejua viboko wanapandia wapi.