Maswali na majibu: Dola imepanda, ada ya mtoto haijatimia

Mwanangu anasoma India, ada ni dola 2,000 kwa muhula, mwisho wa kulipa ni 30 Septemba. Nilipoanza kuweka akiba ya shilingi, benki walikuwa wakiuza dola kwa shilingi 2,450, leo ni 2,650. Nimwandikieje mkuu wa chuo? (Mzazi, Newala)

Pole sana, mama. Ulijiwekea 4,900,000 ukajua umemaliza, sasa ada hiyohiyo inataka 5,300,000. Lakini angalia ulichonacho kinanunua nini leo: dola 1,849. Hujakosa ada, umekosa kipande chake, na barua iombe muda wa kipande hicho tu. Miaka niliyokaa kwenye dirisha la uhasibu wa chuo, barua zilizonitia wasiwasi ni zile za kuahirisha ada yote, kwa maana sikuwa na cha kuonyesha kwamba mzazi analipa kweli.

Tuma dola 1,800 kabla ya tarehe ya mwisho. Zitakugharimu 4,770,000, na 130,000 inayobaki iache kwa makato ya benki. Halafu andika hivi, mtoto aiweke kwa Kiingereza:

"Ada ya muhula ni dola 2,000. Leo nimetuma dola 1,800, risiti ya benki nimeiambatanisha. Dola 200 zilizobaki nitazituma kabla ya 15 Desemba, nikishalipwa korosho zangu. Naomba mwanangu aruhusiwe kufanya mtihani, na asitozwe faini ya kuchelewa hadi tarehe hiyo."

Deni litaje kwa dola, kwa sababu chuo hakihesabu shilingi. Ukiandika "nimepungukiwa laki nne", mhasibu wa kule hajui ni kiasi gani. Na ombi la mtihani lisisahaulike: wazazi wengi hukubaliwa muda wa kulipa, kisha mtoto anafika mlangoni mwa chumba cha mtihani jina lake halimo, kwa kuwa idara ya mitihani haikuambiwa. Barua ielekezwe kwa mhasibu wa chuo, nakala kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na juu kabisa iwe na namba ya usajili ya mtoto. Ambatanisha pia karatasi ya benki yenye bei ya dola ya siku ile. Magazeti yanayosema shilingi imeshuka hayasaidii kitu.

Kwa nini 15 Desemba? Minada ya korosho huanza Oktoba, lakini kupeleka mzigo AMCOS si kulipwa. Mzigo husubiri mnada, mnunuzi alipe, ndipo fedha zishuke kwenye akaunti yako. Ukiahidi Oktoba utaandika barua ya pili, na ya pili haipokelewi kwa moyo ule wa ya kwanza.

Nilituma ada kamili, chuo kinasema imepungua dola 30. Nani kaila? (Baba wa wawili, Masasi)

Benki za njiani. Fedha ikienda nje hupitia benki moja au mbili za kati, na kila moja inaweza kukata chake. Kwenye fomu ya kutuma kuna sehemu ya nani abebe gharama: ukiachia SHA, makato ya njiani yanatoka kwenye ada. Chagua OUR, ulipie gharama zote hapa. Kwa hizo zilizopungua, omba benki yako nakala ya ujumbe wa SWIFT, umpe mhasibu wa chuo aone kwamba ulituma kamili.

Chuo cha hapahapa nchini kinanidai ada kwa dola. Nami niandike barua ya kuomba muda? (Lindi mjini)

Hapana, ndugu yangu. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza kutaja au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi. Andika ukiomba ankara ya shilingi, na mkivutana, ulizia Benki Kuu. Tawi lao lipo Mtwara.

Si bora nisubiri shilingi ipande ndipo ninunue dola? (Nachingwea)

Mwishoni mwa 2024 ilipanda kweli, dola ikashuka toka zaidi ya 2,700 hadi karibu 2,400. Miezi michache baadaye ikarudi juu. Miezi ya mwisho wa mwaka korosho na mazao mengine huleta dola nchini, ila hakuna anayeweza kukuahidi bei ya wiki ijayo. Zile 200 za mzazi wa Newala zipigie hesabu ya 2,800, yaani 560,000. Bei ikiwa nafuu, kinachobaki ni nauli ya mtoto.

Jirani yuko tayari kunipa fedha sasa, nimlipe kwa korosho msimu ukifika. (Tandahimba)

Hiyo ni kangomba, dada, na sheria inaikataza. Tena inakuumiza mara mbili: korosho huuzwa nje kwa dola, kwa hiyo dola ikipanda, bei ya mnada nayo ina nafasi ya kupanda kwa shilingi. Ukishamwachia jirani kilo zako kwa bei ya leo, faida hiyo ni yake, na deni la chuo limebaki lako kwa dola.